Jalada la mfinyanzi: kisa cha alama ya maji iliyofutwa

Mwandishi mmoja alikuwa akijichapishia kitabu chake kuhusu ufinyanzi. Maandishi yalikuwa tayari, kurasa zimepangwa, limebaki jalada tu. Katika kutafutatafuta mtandaoni akaikuta picha iliyomkaa moyoni: mfinyanzi mzee amekiinamia chungu juu ya gurudumu, mikono imelowa udongo, mwanga unamwangukia kutoka kushoto. Kuanzia begani mwa mzee hadi kwenye mdomo wa chungu palipita alama ya maji, yaani maandishi meupe, mepesi, yenye jina la mpigapicha na maelezo kwamba hiyo ni nakala ya kutazama tu. Mwandishi akaipakua na kumtumia mbunifu wake wa majalada pamoja na ujumbe: “Kaka, hii ndiyo yenyewe. Nisafishie hayo maandishi tu, tuendelee.”

Mbunifu alisita, akasafisha. Jalada likawekwa kwenye ukurasa wa mauzo, na nakala za kwanza zikachapwa. Haukupita muda mrefu ikaja barua pepe ya mpigapicha, fupi na ya adabu. Aliambatisha picha yake na jalada lao, kisha akauliza jambo moja: waliichukua kwa leseni ipi?

Kazi yangu ni kutafuta ruhusa za picha kwa niaba ya wachapishaji, na hapo ndipo nilipoletewa suala hili. Jambo la kwanza nililoomba lilikuwa majibu waliyokwisha kutuma, kwa sababu mara nyingi jibu la kwanza huharibu zaidi kuliko kosa lenyewe. Mwandishi alikuwa ameandika hivi: “Dada, samahani, sikujua kama ina mwenyewe.” Mbunifu naye akaongeza kwamba picha imebadilishwa kiasi cha kuwa kazi mpya, na kwamba wako tayari kulitaja jina la mpigapicha ukurasa wa pili. Kila moja ya hoja hizo tatu iliwaumiza, na ukielewa kwa nini, umeelewa sehemu kubwa ya suala hili.

Tuanze na “sikujua”. Mtu aliyeikuta picha tupu, isiyo na jina wala chanzo, anaweza kusema hivyo na akasikilizwa kidogo. Bado atakuwa amekiuka hakimiliki, maana chini ya Mkataba wa Berne haki ya mtunzi haitegemei usajili wala alama yoyote. Kazi inalindwa tangu inapoundwa. Lakini kiwango cha lawama, na mara nyingi kiwango cha fidia, huangalia mtu alijua nini. Hapa jina lilikuwa limeandikwa juu ya picha yenyewe, na mkono wa mbunifu ukalipitia herufi kwa herufi kulifuta. Huwezi kufuta jina usiloliona. Ndiyo maana mimi hushangaa wanaodhani kwamba alama ikishatoka ushahidi umetoka nayo. Ushahidi unazaliwa pale inapofutwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kufuta alama ni kosa linalosimama peke yake, mbali na lile la kunakili. Mkataba wa Hakimiliki wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wa mwaka 1996, una ibara ya 12 inayohusu taarifa za usimamizi wa haki. Hizo ni taarifa zinazotambulisha kazi, mtunzi wake, mwenye haki au masharti ya matumizi, zinapokuwa zimeambatishwa kwenye nakala ya kazi. Nchi zilizojiunga zinatakiwa kumchukulia hatua anayeziondoa au kuzibadilisha bila mamlaka, huku akijua kwamba kitendo hicho kitawezesha, kurahisisha au kuficha ukiukaji. Anayesambaza nakala akijua kuwa taarifa hizo zimeondolewa naye yumo. Umoja wa Ulaya uliiingiza kanuni hiyo katika ibara ya 7 ya Agizo 2001/29. Marekani inayo katika kifungu cha 1202 cha sheria yake ya hakimiliki, na huko mahakama inaweza kuamuru fidia ya dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila ukiukaji wa kifungu hicho, bila mwenye picha kulazimika kuthibitisha hasara yake.

Tazama basi jinsi kisa chetu kinavyogawanyika. Mwandishi alipakua picha na akaichapisha kama jalada: hapo pana kunakili na kusambaza. Mbunifu aliondoa jina: hilo ni kosa la pili, nalo ni lake mwenyewe, hata kama alitumwa. Ukurasa wa mauzo ukaendelea kuonyesha picha isiyo na jina: hapo pana kusambaza nakala iliyoondolewa taarifa. Mbunifu alikuwa akijiona fundi tu aliyetekeleza agizo la mteja. Sheria haina nafasi hiyo ya katikati.

Wapo wanaouliza kama kukata ukingo wa picha, pale jina lilipo, ni afadhali kuliko kufuta. Jibu lilikwisha kutolewa katika shauri lililoamuliwa mwaka 2011 na Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Mzunguko wa 3. Picha ya watangazaji wawili ilikuwa imetoka kwenye jarida, na jina la mpigapicha limechapwa pembeni yake. Mfanyakazi wa kituo chao cha redio akaiskani, akaliacha jina nje, akaiweka picha kwenye tovuti. Kituo kilijitetea kwamba sheria ililenga mifumo ya kiteknolojia ya kulinda kazi, si jina lililochapwa kwa wino. Mahakama ikakataa: jina la mpigapicha kando ya picha ni taarifa inayolindwa, iwe imewekwa kwa njia gani. Mkasi na brashi ya kompyuta vimewekwa kundi moja.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba picha imebadilishwa. Mbunifu alikuwa ameigeuza rangi iwe ya kahawia na kuongeza kichwa cha kitabu juu. Haki ya kubadilisha kazi nayo ni ya mwenye hakimiliki, kwa hiyo anayesema “nimeibadilisha bila ruhusa” anakuwa amekiri kosa jingine. Upo utetezi wa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi bila ruhusa kwa namna inayokubalika kisheria, katika baadhi ya nchi, kwa ajili ya uhakiki, dhihaka au nukuu, lakini hauwezi kuifikia picha iliyochukuliwa nzima ili ifanye kazi ileile iliyopigiwa: kupendeza juu ya jalada na kuuza. Kama kitabu kingekuwa kinaichambua picha yenyewe, mazungumzo yangekuwa mengine.

Na hoja ya tatu, ya kulitaja jina ukurasa wa pili, ndiyo ninayoisikia kila mara. Kutaja jina si malipo, wala si ruhusa. Ibara ya 6 bis ya Mkataba wa Berne inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake na haki ya kupinga upotoshaji unaomharibia heshima. Haki hizo zinasimama pamoja na haki ya kuamua nani anakili kazi, wala hazichukui nafasi yake. Tena hapa suala la upotoshaji halikuwa dogo, kama tutakavyoona.

Niliomba faili la jalada na kulifungua kwa ukubwa kamili. Alama ilikuwa imepita juu ya vidole vya mzee na mdomo wa chungu. Programu ya kufuta ilikuwa imejaza pengo kwa kukisia kutoka kwenye rangi za jirani. Mifereji ambayo vidole huacha kwenye udongo ilikatika ghafla na kuendelea pembeni kidogo ya pale ilipotakiwa, na kidole kimoja kilikosa kifundo. Mpigapicha aliona vidole hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa amengoja muda mrefu hadi mzee aweke mkono vile, na sasa kitabu kuhusu ufinyanzi kilikuwa kinaonyesha mkono ambao hauwezi kufinyanga.

Halafu kuna hesabu. Nakala ya kutazama ilikuwa na pikseli 667 kwa 1,000. Jalada la ukubwa wa A5, ukiongeza milimita 3 kila upande ambazo hukatwa kiwandani, ni milimita 154 kwa 216. Kwa kipimo cha kawaida cha uchapaji, pikseli 300 kwa inchi, linahitaji pikseli 1,819 kwa 2,551. Nakala ile ingetosha kuchapa vizuri picha ya sentimita 5.6 kwa 8.5 tu. Mbunifu aliinyoosha. Kwa hesabu ya haraka, katika kila pikseli 7 zilizochapwa, moja tu ilitokana na kamera. Nyingine 6 zilibuniwa na programu, bila kuhesabu zile za chini ya alama.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolieleza suala hili kama la adabu tu. Picha safi haikuwa imejificha chini ya maandishi yale. Ni faili jingine kabisa, kubwa zaidi, lililotoka kwenye kamera, na liko kwa mpigapicha au kwa wakala wake. Ukifuta alama hupati picha safi. Unapata nakala ndogo iliyojeruhiwa. Kwa hiyo swali la maana kwa mbunifu lilikuwa faili halisi liko kwa nani.

Kumpata mwenye faili hakukuwa kazi. Jina lilikuwa kwenye alama. Hata kama lisingekuwepo, faili la picha mara nyingi hubeba taarifa ndani yake, na amri moja ya programu ya ExifTool huzisoma:

```
exiftool -Creator -Rights -CopyrightNotice -WebStatement -LicensorURL picha.jpg
```

Kwenye faili la jalada, amri hiyo ilitoa jina la mpigapicha na anwani ya ukurasa wake wa leseni. Mbunifu alifuta herufi zilizoonekana, akasahau zile zisizoonekana. Tulikuwa tunaliona jina la mpigapicha ndani ya jalada lenye kosa. Ukikuta nafasi hizo ni tupu, usikate shauri kwamba picha haina mwenyewe. Mitandao mingi huondoa taarifa hizo picha inapopakiwa. Hatua inayofuata ni kutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno, ukifuatilia nakala kubwa zaidi na ya zamani zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo hukaribia chanzo. Tangu mwaka 2020, Google huweka neno “Licensable” juu ya picha ambazo wenyewe wameeleza wanapotoa leseni.

Turudi kwenye suluhu. Niliwashauri waache kujitetea na wafanye mambo manne siku ileile: waondoe jalada kwenye ukurasa wa mauzo, wasimamishe uchapaji, wahesabu nakala zilizokwisha kuchapwa na zilizouzwa, na wampe mpigapicha hesabu hiyo kamili bila kuombwa. Hesabu ya kweli ndiyo iliyofungua mazungumzo. Mpigapicha alikubali kutoa leseni ya kufidia yaliyopita, kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, ikiambatana na maandishi kwamba hatawadai tena kwa nakala zile. Sentensi hiyo ni muhimu. Leseni inayotolewa leo huhusu matumizi ya kuanzia leo. Bila maneno ya wazi ya kuachilia madai ya nyuma, unaweza kulipa na bado ukashtakiwa kwa yaliyopita. Majalada yenye mkono ulioharibika aliyakataa kabisa. Yalivuliwa, vitabu vikavishwa mapya.

Akatuma faili halisi, na hapo likaibuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mzee wa kwenye picha hakuwa amesaini hati ya ridhaa ya kutumiwa katika matangazo. Mpigapicha aliruhusu jalada la kitabu cha elimu, akakataza picha isitumike kwenye mabango ya kuuzia vifaa vya ufinyanzi, ambayo mwandishi alikuwa ameyapanga. Haki ya mpigapicha juu ya picha na haki ya mtu juu ya sura yake ni vitu viwili, na leseni ya kwanza haikupi ya pili. Aliyeifuta alama na kujichukulia picha hana njia ya kujua kikwazo kama hicho kipo, kwa kuwa hajazungumza na mtu pekee anayekijua.

Sasa, ingefanyikaje tangu mwanzo? Kwa picha hii, njia fupi ilikuwa barua moja. Watu huandika “naomba kutumia picha yako”, halafu wanashangaa kutojibiwa. Mpigapicha hawezi kutaja bei wala kukubali bila kujua anakubali nini. Barua ninayoandika mimi huwa hivi:

“Habari za kazi. Naomba leseni ya picha yako ya mfinyanzi kwenye gurudumu, ambayo nimeiona kwenye ukurasa wako (kiungo hiki hapa). Itatumika jalada la mbele la kitabu cha mafunzo ya ufinyanzi, ukubwa wa A5, nakala 1,000 za karatasi pamoja na toleo la kielektroniki, kwa miaka 5, lugha moja. Tungependa kuikata kidogo upande wa kulia na kuweka kichwa cha kitabu juu. Rasimu nimeiambatisha, nayo bado ina alama yako. Jina lako litaandikwa utakavyotaka. Tunahitaji faili lisilo na alama, lisilopungua pikseli 1,819 kwa 2,551 baada ya kukatwa. Tafadhali nieleze gharama, na kama aliye pichani ametoa ridhaa ya maandishi.”

Angalia maneno “bado ina alama yako”. Watu wengi hufuta alama kwa sababu wanataka kumwonyesha mteja jalada litakavyokuwa, wakiwa na nia ya kununua baadaye. Haja hiyo ni halali na ina njia yake: mawakala wengi huruhusu nakala ya kutazama iwekwe kwenye rasimu ya ndani kwa muda, alama ikiwa palepale, na ukishalipa unapakua faili kubwa na kulibadilishia nafasi ileile. Mteja anayeshindwa kuliona jalada kwa sababu ya maandishi mepesi juu yake hajapatikana bado, kwa uzoefu wangu.

Ukipitia kwa wakala, soma aina ya leseni kabla ya bei. Ile ya kulipa mara moja bila mrabaha hukuruhusu kutumia picha mara nyingi ndani ya masharti yake, lakini huwa na kikomo cha nakala na haikupi upekee. Mshindani wako anaweza kuweka mfinyanzi yuleyule kwenye jalada lake kesho. Ile inayopimwa kwa matumizi hutaja kazi, muda na eneo, na ndani yake unaweza kununua upekee. Zipo pia picha zilizoandikwa kuwa ni za habari na uhariri tu. Hizo usiziguse kwa tangazo, hata kama umezilipia na faili ni safi.

Picha za bure zipo, na nyingine ni nzuri sana. Leseni za Creative Commons humpa mtumiaji ruhusa mapema kwa masharti: BY hutaka jina litajwe, NC hukataza biashara, ND hukataza kusambaza picha iliyobadilishwa, jambo ambalo mara nyingi huiondoa kwenye kazi ya majalada. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, kwa mfano, yaliachilia mwaka 2017 picha za kazi zake zilizo mali ya umma chini ya CC0, bila sharti lolote, na vyungu vimo humo kwa wingi. Angalia tu kwamba aliyeweka leseni ndiye mwenye picha kweli. Mtu aliyefuta alama ya mwenzake na kuipakia picha kama ya bure hajaifanya ya bure, na wewe unayemfuata hulindwi na neno lake.

Vipi mpigapicha asipojibu? Kimya si ruhusa. Mimi huandika mara ya pili, kisha nahamia kwenye picha nyingine au naagiza ipigwe. Kwa mwandishi huyu hilo la mwisho lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, maana anawafahamu wafinyanzi wengi na wangekaa mbele ya kamera kwa furaha. Kwa kitabu chake cha pili ndivyo alivyofanya. Mkataba ulieleza kwamba hakimiliki inabaki kwa mpigapicha, ambalo ndilo jambo la kawaida katika nchi nyingi hata pale mteja anapolipia kazi, kwamba mwandishi anapata leseni ya jalada na matangazo, na kwamba faili zinakabidhiwa zikiwa na ukubwa kamili, bila alama, pamoja na ridhaa iliyosainiwa na kila anayeonekana pichani.